Kati ya Kazi na Kazi

Majina 92, kila jina sekunde 5. Mwalimu aite, mtoto aitike, ajipenyeze kutoka katikati ya dawati, afike mbele, apokee daftari, ageuke. Jumla yake ni sekunde 460, yaani dakika 7 na sekunde 40, na kipindi kizima ni dakika 40. Hapo bado hujakutana na daftari lisilo na jalada wala jina, wala watoto wawili wanaoitwa Amina Juma. Madaftari hayohayo yakikusanywa kwa mtindo uleule mwisho wa kipindi, theluthi ya somo na zaidi imekwisha bila hesabu hata moja.

Hesabu hiyo niliifanya mwaka 2018, nilipokabidhiwa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa mji wa Morogoro. Watoto wale walikuwa kundi la Januari 2016, mwaka ambao elimumsingi bila malipo ilianza kutekelezwa na wazazi wakaleta shuleni hata watoto waliokuwa wamebaki nyumbani mwaka mmoja au miwili. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Chumba changu kilikuwa na 92 katika madawati 24, yaliyopangwa safu 4 zenye madawati 6 kila moja. Dawati moja lilikalisha watoto 4, na dawati la mwisho la kila safu watatu. Kati ya safu na safu palibaki njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Katika chumba cha namna hiyo, kila mara unapowaambia watoto waache kazi moja washike nyingine, kuna kitu kizito kinachotakiwa kusogea, nacho kina mwendo wake.

Nilitaka kuujua mwendo huo kabla ya kuubadili. Mwenzangu aliyefundisha Kiswahili katika darasa hilohilo, mama mmoja aliyekwishafundisha miaka mingi kuliko mimi, alikubali tubadilishane viti: siku moja mimi nikae nyuma yeye akifundisha, siku nyingine yeye akae nyuma nami nifundishe. Simu ilikuwa na saa ya kupimia sekunde. Kwa kila badiliko la kazi tuliandika nyakati tatu tu: pale mwalimu alipomaliza kutoa agizo, pale dawati la kwanza lilipoanza kazi mpya, na pale dawati la mwisho lilipoanza.

Safu ya kati na ya mwisho ya karatasi ile ndiyo iliyonifundisha. Watoto wa mbele walikuwa tayari ndani ya sekunde 15 au 20, karibu kila mara. Wa nyuma walichukua dakika 3, 4, wakati mwingine 5. Mwanzoni nilidhani wa nyuma ni wazito. Lakini nikiwa nimekaa nao hukohuko nyuma niliona jambo jingine: watoto wepesi, wakishafika, hawana la kufanya. Wanageuka, wanazungumza, wanachokozana. Kelele zao zinafunika sauti ya mwalimu, kwa hiyo wa nyuma hawasikii agizo limeishia wapi, wanamuuliza jirani, jirani naye anauliza. Mwalimu anarudia agizo. Wale waliokwisha kuanza wanaacha, wanamsikiliza upya. Dakika haikupotea miguuni mwa watoto. Ilipotea kati ya mtoto wa kwanza kufika na kazi kumfikia.

Tangu siku ile sikuupa uzito mkubwa mwendo wenyewe. Swali langu likawa: mtoto wa kwanza akifika, anakuta nini?

Nianze na madaftari, maana ndiyo yaliyokula muda mwingi kuliko yote. Tuliyagawa katika mafungu 4, fungu moja kwa kila safu, madaftari 23, yaliyofungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli. Yalipangwa kwa mfuatano wa madawati: ya dawati la kwanza juu, ya dawati la sita chini. Fungu linawekwa mezani pa dawati la kwanza. Watoto wanne wanachukua yao, wanapitisha yaliyobaki nyuma juu ya bega, bila mtu kusimama. Mafungu yote manne yanatembea kwa wakati mmoja. Kila dawati linahitaji kama sekunde 10, kwa hiyo mtoto wa mwisho anapata daftari katika dakika moja, au moja na nusu ikiwa ni Jumatatu asubuhi.

Uzuri wa mpango huu uko katika kukusanya. Dawati la sita linapitisha mbele, la tano linaweka yake juu, la nne juu yake, hadi la kwanza. Fungu linafika mbele likiwa tayari limepangwa kwa ajili ya kesho, na hakuna anayepoteza muda kulipanga upya. Madaftari yanapitishwa yakiwa wazi kwenye ukurasa wa leo, yamelaliana. Mwalimu anayesahihisha madaftari 92 jioni anajua ni muda gani unaliwa na kupekua kurasa tu. Ukishasahihisha, unafunga daftari na kuliweka mahali pake. Ukivuruga mfuatano, kesho utaulipia.

Sasa mtoto wa dawati la kwanza ana daftari lake katika sekunde ya 10, na wa mwisho atalipata katika sekunde ya 60. Hizo sekunde 50 ndizo zilizokuwa zikizaa kelele. Kwa hiyo theluthi ya kushoto ya ubao wangu ilikuwa na kazi kabla mafungu hayajaguswa: tarehe, na hesabu 3 za jambo walilokwisha kujifunza jana. Zilikuwa nyepesi kwa makusudi, za kufanya bila kuelekezwa na bila kuuliza. Anayepata daftari anaanza. Wa mwisho kupata anaweza kufika hesabu ya pili tu, na hilo si tatizo, kwa sababu hesabu hizo hazibebi somo la leo. Ningeweka jambo jipya pale, mikono 20 ingenyooshwa, na nisingeweza kusimamia mafungu huku nikijibu.

Badiliko la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni la kutoka kumsikiliza mwalimu kwenda kazi ya vikundi. Madawati yetu yalikuwa yale ambayo benchi na meza vimeunganishwa kwa fremu moja, benchi bila egemeo. Kuyasogeza kila siku hakufai; yanakwaruza sakafu, fremu zinalegea, na hakuna nafasi ya kuyasogezea. Tukaamua madawati yabaki, watoto wageuke. Dawati la 1 linageukia la 2, la 3 linageukia la 4, la 5 linageukia la 6. Meza ya dawati la nyuma inakuwa meza ya watoto wanane, au saba mwisho wa safu. Vikundi 12, vinavyojulikana, visivyobadilika kwa muhula mzima.

Njia ya mkato ya kugeuka ni kuvusha miguu juu ya benchi. Wavulana waliipenda. Wasichana wenye sketi hawakuipenda, na walikuwa na haki, kwa hiyo tuliiacha. Badala yake watoto wawili wa kushoto wanatokea kushoto na wawili wa kulia wanatokea kulia, wanazunguka mwisho wa benchi, wanaingia upande wa pili na kukaa wakielekea nyuma. Wa pembeni anatoka kwanza na kusubiri njiani, ili wa ndani aingie kwanza na kwenda katikati. Wasipofanya hivyo wanakutana katika nafasi isiyopitisha watu wawili. Tulichora mpango huo ubaoni kwa vitone na mishale. Kisha tukafanya mazoezi mikono ikiwa mitupu, bila Hisabati, bila kifaa chochote, mara tatu mfululizo.

Watu huniuliza namba ya sekunde za kugeuka niliitoa wapi. Sikuichagua kichwani. Katika zoezi lile la mikono mitupu nilipima dawati la mwisho kukaa, si la kwanza, nikapata sekunde 50 hivi. Nikawaambia mna sekunde 50. Darasa zima likafanikiwa siku ya kwanza, na watoto wakaona muda ule ni wao. Wiki iliyofuata tukashuka hadi 40, baadaye 30. Hapo nikasimama. Nilipojaribu 25 nilisikia magoti yakigonga fremu, na wawili walisukumana njiani. Muda unaomfanya mtoto amkanyage mwenzake unarudisha kwenye ugomvi sekunde zote ulizoziokoa. Palikuwa pia na msichana mmoja aliyetembea kwa shida kwa sababu ya mguu. Nilimkalisha dawati la pili la safu yake. Madawati ya namba shufwa hayageuki, hivyo kikundi kilimfuata yeye, naye hakuhesabika kamwe kuwa anayechelewesha wengine.

Agizo lenyewe lilikuwa na sehemu tatu, na sehemu ya tatu ndiyo niliyoilinda kuliko zote: mtafanya nini, kwa muda gani, na mkishakaa mtaanza na nini. Kwa mfano siku ya kugawanya: "Madawati ya witiri yatageuka. Sekunde 30. Mkikaa, pangeni vizibo mistari minne yenye usawa." Kisha ishara ya kuanza. Hakuna anayesogea kabla ya ishara, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuinuka hasikii tena. Baada ya ishara mwalimu ananyamaza.

Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Watoto wakiwa njiani unakumbuka jambo: "Na msisahau kuandika majina ya kikundi!" Nusu ya darasa inasimama kukusikiliza, nusu inaendelea, na mpango umevunjika vipande viwili. Mwanasaikolojia wa Marekani Jacob Kounin, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu usimamizi wa madarasa, alichunguza picha za video za madarasa na akaonyesha kwamba namna mwalimu anavyomkemea mtoto haikuwa na uhusiano mkubwa na nidhamu ya darasa. Kilichokuwa na uhusiano ni mambo kama mtiririko wa somo. Miongoni mwa vinavyokata mtiririko alitaja mwalimu kuanzisha kazi mpya kisha kurudi nyuma kwa ile ya zamani, na kuwasogeza mmoja mmoja watoto ambao wangeweza kusogea pamoja. Niliposoma hayo nilikuwa nimekwisha kuyaona kwenye karatasi yetu ya nyakati tatu, na ndiyo maana naamini yanafika hata kwenye chumba chenye watoto 92, ingawa yeye hakuvichunguza vyumba vyetu.

Ishara ilitupa kazi. Makofi ya mpangilio, mwalimu apige matatu nao wajibu mawili, ni ishara nzuri, lakini makofi ya watoto 92 yanaingia darasa la jirani, na ukuta wetu haukufika juu hadi kwenye bati. Mwalimu wa Darasa la Nne alikuja akasimama mlangoni, akasema kwa upole, "Mwalimu, wangu nao wameanza kujibu makofi yako." Tukaweka makofi kwa ajili ya dharura tu. Ishara ya kila siku ikawa mkono ulionyooshwa juu: anayeuona anaacha kazi, ananyoosha wake, ananyamaza. Inafaa pia kwa mtoto asiyesikia vizuri. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna sauti inayofika hata dawati la pili. Siku hizo nilitumia mkono pamoja na ubao: namba ya sekunde, mshale, na kazi ya kuanzia. Tofauti yake na siku ya jua ilikuwa ndogo, kwa sababu mpango ulikuwa umekwisha kuingia miguuni.

Nieleze kipindi kimoja kizima cha kugawanya. Saa 2:40 asubuhi mafungu yanaondoka mbele. Saa 2:45 hesabu tatu za jana zimekwisha na kalamu ziko chini. Kwa dakika 9 natumia ubao: 24 gawanya kwa 3, kwa 4, kwa 6. Wakati huo makopo 12 ya majani ya chai, kila kopo na vizibo 24 vya soda, yako sakafuni mwisho wa kila dawati shufwa, upande wa njia. Yaliwekwa hapo na wagawaji, mtoto mmoja wa kila kikundi, kabla ya kipindi, wakati wa mapumziko mafupi ya kubadilishana walimu. Kopo likiwa mezani wakati wa maelezo, mikono itakuwa ndani yake. Saa 2:54 agizo, ishara, sekunde 30, na mgawaji anainua kopo la kikundi chake baada ya wote kukaa. Kazi ya vikundi inaenda hadi saa 3:06.

Kurudi kunachukua muda mrefu zaidi ya kwenda, sekunde 45, kwa sababu ya vizibo. Hapa kila kikundi kinapanga vizibo mezani mistari minne ya sita. Kikundi chenye mstari wenye pengo kinatafuta chini ya benchi, na mimi nikitupa macho tu naona makopo 11 yako kamili na moja halijakamilika, bila kuhesabu kitu. Vizibo vinaingia koponi, kopo linarudi sakafuni, madawati ya witiri yanageuka. Ubaoni, theluthi ya kulia, zoezi la kila mmoja limekwisha kuandikwa; nililiandika wakati wa kazi ya vikundi, zilipobaki dakika mbili. Saa 3:07 wanaandika. Saa 3:17 madaftari yanaanza kusafiri kwenda mbele yakiwa wazi. Hubaki dakika moja na nusu ya maswali ya mdomo, safu kwa safu, hadi kengele.

Mpango huu unachakaa, na dalili zake zinaonekana mapema ukijua pa kutazama. Nilikuwa natazama dawati la sita la safu ya ukutani. Watoto wale wakianza kutazama mikono ya majirani badala ya ubao, agizo langu halikueleweka, hata kama wa mbele wamekwisha kuanza. Sekunde 30 zikigeuka 40 ndani ya wiki moja, mara nyingi chanzo kilikuwa mimi: nilikuwa nimeanza tena kuzungumza baada ya ishara. Zikigeuka 40 ghafla, kwa siku moja, kulikuwa na mtoto mpya ambaye hakuna aliyemwonyesha njia ya kutokea. Baada ya likizo ya Juni tulirudi kwenye mazoezi ya mikono mitupu, dakika chache, wala sikuyaona kuwa upotevu. Na alasiri, katika vipindi vya watoto ambao hawakula mchana, sikutumia vikundi kabisa. Njaa haina ratiba inayoitibu. Kugeuza darasa lenye njaa kunaamsha vurugu ambazo kazi ya baadaye haizilipi. Katika vipindi hivyo walibaki wakielekea mbele, na tulifanya kazi mbili tu badala ya nne.

Kuna walimu waliotumia fimbo kuharakisha madawati ya nyuma. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ile karatasi. Watoto wa nyuma hawakuwa wakaidi. Walikuwa hawajapata agizo, au hawajapata daftari, au njia imezibwa na mwenzao. Kumchapa mtoto kwa sababu fungu halijamfikia ni kumwadhibu kwa mahali alipokalishwa.

Kwa wagawaji nilikuwa na sharti moja: mgawaji anabadilika kila wiki, kwa zamu inayoanza mwisho mmoja wa dawati hadi mwingine. Kiranja alitaka kazi hiyo iwe yake siku zote. "Mwalimu, mimi nikigawa ni haraka zaidi," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Lakini kabla ya sharti hilo kazi ilikuwa yake, na siku aliyougua malaria vikundi vitatu vilikaa bila vizibo, kwa kuwa kila mtu alimsubiri yeye. Kila mtoto akiijua kazi, hakuna homa inayoweza kusimamisha darasa.

Dakika zilizorudi nilizitumia katika zile 10 za zoezi la kila mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwama mbele, foleni ya watoto wanaotaka kusahihishiwa ikiwa imezunguka meza yangu. Sasa nilikuwa huru kutembea. Jumatatu safu ya dirishani, Jumanne inayofuata, hadi Alhamisi ya ukutani; watoto 23 kwa siku, karibu sekunde 25 kwa kila mmoja, nikianza na dawati la sita kwenda la kwanza. Katika mzunguko huo niligundua watoto saba ambao hesabu zao hazikuwa na shida yoyote, ila hawakuweza kusoma maneno ya swali. Hao Ijumaa, siku isiyo na safu yake, nilikaa nao pamoja kwenye dawati moja la nyuma, tukasoma maswali kwa sauti ya chini huku wenzao wakiandika.